Siri Zilizomwagika Kwenye Logi

Tarehe 14 Machi 2025, kampuni ya usalama ya StepSecurity iliona jambo lisilo la kawaida: mashine za kujenga programu kwenye GitHub zilikuwa zikipakua faili kutoka anwani ambayo hazikuwahi kuigusa. Chanzo kilikuwa `tj-actions/changed-files`, kifurushi chenye kazi moja ndogo, kuorodhesha mafaili yaliyobadilika. Miradi zaidi ya 23,000 ilikuwa ikikitumia.

Mwandishi wa programu anapotuma mabadiliko, mashine ya muda huwashwa, hujenga programu, huijaribu na pengine huichapisha. Ili kuchapisha, hupewa funguo za siri. Kila inachokifanya huandikwa kwenye logi, na mradi ukiwa wa wazi, logi hiyo husomwa na yeyote.

GitHub inalijua hilo, ndiyo maana siri ikijitokeza kwenye logi hufunikwa kwa nyota tatu. Wengi hudhani ulinzi umeishia hapo. Lakini kifunika hicho hutafuta maandishi yaleyale yaliyosajiliwa kuwa siri, na kikikuta sura nyingine ambayo hakijaambiwa, hukiacha kipite. Tuseme nywila ni neno `siri`. Ukilipitisha mara mbili kwenye usimbaji wa base64, matokeo yatakuwa haya:

```
$ printf siri | base64 | tr -d '\n' | base64
YzJseWFRPT0=
```

Matokeo hayo yakiandikwa kwenye logi hayapati nyota hata moja, na yeyote anaweza kurudisha neno la awali kwa `base64 -d` mara mbili. Wavamizi walifanya hivyohivyo. Msimbo wao ulisoma memori ya `Runner.Worker`, programu inayoendesha kazi kwenye mashine, ukachota siri zilizokuwamo, ukazisimba mara mbili na kuziandika kwenye logi. Hawakuhitaji kuzituma kwao. Kwa miradi ya wazi, ilitosha kwenda kuzisoma.

Waliingiaje? Waliiba tokeni ya akaunti iliyokuwa na ruhusa ya kubadili kifurushi, kisha wakazihamisha lebo zake za matoleo, hata za zamani, zote zielekee kwenye msimbo wao. Aliyeandika `@v45` akidhani amechagua toleo lisilobadilika alipokea kitu kingine kabisa. Waliotaja alama kamili ya toleo salama, yenye herufi na tarakimu 40, hawakuguswa, kwa kuwa alama hiyo hutokana na yaliyomo na haihamishiki. Hata hivyo kinga hiyo ina mpaka wake: kifurushi ulichokifunga kwa alama kinaweza chenyewe kuita kingine kwa lebo.

Ndipo linapokuja swali zito zaidi: kwa nini kazi ya kuorodhesha mafaili ilikuwa karibu na ufunguo wa kuchapisha?

Mara nyingi sababu ni uzembe mdogo wa mpangilio. Chukua mradi wenye kazi moja inayoorodhesha mafaili, inajaribu programu na kuichapisha kwa kutumia `NPM_TOKEN`. Kifunguo kimeandikwa kwenye hatua ya mwisho tu, lakini mashine hupokea siri zote zilizotajwa kwenye kazi tangu inapoanza. Hatua ya kwanza ikiwa na mvamizi, ufunguo tayari umo kwenye memori. Dawa ni kuzigawa kazi mbili, kila moja kwenye mashine yake mpya, na ile ya kwanza iandikiwe:

```yaml
permissions:
  contents: read
```

Hapo hata tokeni ambayo GitHub huitoa kwa kila kazi itaweza kusoma msimbo tu, na itakufa kazi ikiisha. Pasipo mistari hiyo, ruhusa hufuata mpangilio wa mradi, na miradi ya kabla ya mwanzoni mwa 2023 huenda bado inatoa ruhusa ya kuandika.

Ukaguzi wenyewe unaweza kuanza kwa amri moja ndani ya mradi:

```
grep -rnE 'secrets|permissions:|uses:' .github/workflows
```

Pitia kazi moja baada ya nyingine, ukiuliza inataja siri zipi, inaruhusiwa kuandika wapi, na inaendesha msimbo wa nani. Ukikuta `toJSON(secrets)` au `secrets: inherit`, simama hapo kwanza: ya kwanza huifikishia kazi siri zote, ya pili hufungulia faili linaloitwa siri zote za faili linaloita, hata zisizohitajika.

Na ikiwa mradi wako ulitumia kifurushi hicho siku zile, fungua logi za 14 na 15 Machi utafute mstari mrefu wa herufi usiosomeka. Ukiuona, kufuta logi pekee hakutoshi. Nenda kwenye huduma iliyoutoa ufunguo, uubatilishe, utoe mwingine, kisha uangalie kama ule wa zamani ulitumiwa na mtu usiyemjua.