Siku Saba Kigali, Sanduku Moja

Mhasibu wa Dar es Salaam anayekwenda kukagua hesabu Kigali, kuondoka Jumapili na kurudi Jumamosi, asianze na sanduku. Aanze na ratiba. Aandike siku saba kwenye karatasi, na mbele ya kila siku kazi yake: Jumatatu kikao na wakurugenzi, siku tatu za majalada, Ijumaa kuwasilisha taarifa. Orodha ya mizigo itatoka humo.

Nguo ndizo zinazojaza sanduku bure, kwa sababu ya lile neno “labda”. Ratiba inaonyesha suti inahitajika siku mbili tu, basi moja yatosha, na koti lake livaliwe safarini lisikunjike. Siku za majalada ni suruali mbili zinazopokezana. Shati ni moja kwa kila siku ya kazi, jumla matano. Viatu jozi mbili, moja ikiwa mguuni. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Dar atalihitaji sweta jioni. Jozi ya pili ya viatu ifungwe kwenye mfuko wa kitambaa: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008.

Nyaraka ni chache, lakini ndizo zinazoweza kuvunja safari, kwa hiyo zikaguliwe wiki kadhaa kabla. Pasipoti ifunguliwe, tarehe ya kuisha isomwe, kwani nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kilichoandikwa miaka kumi kisitupwe. Tangu 2016 kanuni za kimataifa zinakitambua kwa maisha yote ya mwenye nacho. Barua ya mwaliko na uthibitisho wa hoteli vichapishwe, maana simu huzimika.

Kwenye vifaa vya umeme, kikwazo cha kwanza ni ukuta wa hoteli. Plagi ya Tanzania yenye miguu mitatu ya bapa haiingii kwenye soketi za Rwanda zenye matundu ya duara, hivyo adapta iandikwe mara tu baada ya kompyuta na chaja. Pawabenki haipakiwi kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna wa kuiona mapema. Ibaki mkobani, isizidi saa-wati 100. Hesabu yake ni nyepesi: yenye mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74, inaruhusiwa.

Pembeni mwa kila kitu ziachwe nafasi mbili za alama ya vema. Ya kwanza hutiwa Jumapili nyumbani. Ya pili ni ya Jumamosi asubuhi, chumbani, kabla ya kurudisha ufunguo, wakati chaja bado imening'inia nyuma ya kitanda.