Elfu thelathini za hewa

Shangazi yangu wa Lionja anauza korosho za kubanguliwa kwa matangazo ya Facebook, shilingi 5,000 kwa siku. Aprili ina siku 30, kwa hiyo gharama ni 150,000. Faili langu likasema 180,000! Karibu aache biashara kwa hasara ambayo haikuwepo.

Nilipakua mara mbili: tarehe 1 hadi 15, kisha 10 hadi 30. Siku sita zimejirudia. Nikabonyeza Remove Duplicates, hakuna kilichofutika. Kumbe katikati ya mwezi tangazo lilibadilishwa jina, "Korosho Lionja" likawa "korosho_lionja", na kwa kompyuta hizo ni mbili tofauti. Kwenye safu mpya sawazisha majina:

```
=TRIM(LOWER(SUBSTITUTE(A2,"_"," ")))
```

Tarehe nazo: faili moja 10/04/2024, jingine 2024-04-10. Excel yangu huanza na mwezi, ikaifanya 10/04 kuwa Oktoba 4. Ile 13/04 ilishindikana, ikabaki maandishi yaliyoegemea kushoto. Ukiona hivyo, ujue hata zile zilizokubali zimekosewa. Usizirekebishe hapohapo, fungua faili asilia kwa Notepad, nakili, bandika kwenye Excel, kisha Text to Columns, tenganisha kwa mkato, na safu ya tarehe ichagulie DMY.

Mwisho kabisa ndiyo Remove Duplicates, kwa jina jipya na tarehe. Kama kuna matangazo mawili siku moja, ongeza safu ya tangazo, la sivyo utafuta halali. Kwangu zilibaki safu 30. Shangazi akaendelea.