Dondakoo: Utando Kooni, Sumu Mwilini

Utando wa kijivu unaojitokeza kooni mwa mgonjwa wa dondakoo haufutiki kama usaha. Umeng'ang'ania nyama, na ukibanduliwa damu hutoka. Unaweza kuziba njia ya hewa, lakini hatari nyingine haionekani kwa macho. Sumu ya bakteria husafiri katika damu. Mara nyingi koo likianza kupona, ndipo moyo huanza kupiga ovyo. Kaakaa nalo likipooza, maji anayokunywa mtoto hutokea puani.

Antitoksini huinasa sumu iliyo bado nje ya seli tu. Iliyokwisha kuingia haishikiki tena. Kwa hiyo daktari akishuku dondakoo hangoji majibu ya maabara. Antibiotiki huua bakteria, haizimi sumu. Chanjo hutengenezwa kwa sumu iliyoondolewa makali, na kinga yake hufifia bila dozi za nyongeza.