Faida ya Meneja Ipimwe kwa Asilimia au kwa Shilingi?

Kampuni ikishakuwa kubwa, mkurugenzi mkuu hawezi tena kuamua kila kitu mwenyewe. Huigawa kazi katika vitengo, kila kitengo akakipa meneja wake, mtaji wake na uhuru wa kutosha. Mwisho wa mwaka huja swali la bonasi na kupandishwa cheo: nani kafanya vizuri? Kutazama faida peke yake hakutoshi, kwa sababu aliyepewa mtaji mkubwa anatarajiwa kuleta faida kubwa.

Jibu lililozoeleka zaidi ni kuigawanya faida ya kitengo kwa mtaji uliowekezwa humo, kisha kulisoma jibu kama asilimia. Kipimo hiki, yaani kiwango cha faida kwa mtaji, kilipata umbo lake katika kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani katika miaka ya 1910, kwa kazi ya Donaldson Brown. Brown alionyesha kwamba asilimia hiyo ina mizizi miwili: faida inayobaki katika kila mauzo, na kasi ambayo mtaji unazungushwa kuleta mauzo. Mwaka 1921 alihamia General Motors, na huko kipimo kikawa nguzo ya kusimamia vitengo vya magari.

Uzuri wake ni kwamba kinalinganisha wakubwa na wadogo kwa urahisi. Tatizo lake huonekana pale meneja anapotakiwa kuamua jambo jipya.

Tuchukue kampuni ya kufikirika yenye vitengo viwili, kimoja kinakamua mafuta ya alizeti Singida na kingine kinasaga unga. Bodi imekokotoa kwamba mtaji wake, ukichanganya riba ya benki na kile ambacho wenye hisa wanatarajia, unagharimu asilimia 15 kwa mwaka. Kitengo cha mafuta kina mtaji wa shilingi bilioni 4 na kinaleta faida ya bilioni 1, yaani asilimia 25.

Meneja wa mafuta anapata nafasi ya kufungua ghala la kusambazia bidhaa Mbeya. Jengo ni la kupanga, kwa hiyo mtaji wote wa bilioni 1 utakwenda kwenye bidhaa zitakazokaa ghalani na bidhaa zitakazokopeshwa wauzaji wa jumla. Baada ya kulipa kodi ya pango na mishahara, ghala litaleta faida ya milioni 180 kila mwaka, ambayo ni asilimia 18.

Kwa kampuni, biashara hiyo inalipa: fedha za asilimia 15 zinazaa asilimia 18. Kwa meneja hesabu ni nyingine. Akilifungua ghala, mtaji wake utakuwa bilioni 5 na faida bilioni 1.18, na asilimia yake itashuka kutoka 25 hadi 23.6. Kama bonasi inafuata asilimia, ataliacha ghala, na kwa upande wake atakuwa na akili timamu. Wenye kampuni ndio watakaokosa fedha.

Upande wa unga mambo hugeuka. Kitengo hicho kina mtaji wa bilioni 2 na faida ya milioni 200, asilimia 10 tu. Meneja wake akipata mradi wa milioni 500 unaoleta milioni 60 kwa mwaka, yaani asilimia 12, ataukimbilia, maana kiwango chake kitapanda hadi 10.4. Lakini mradi huo hauwezi hata kulipa gharama ya mtaji wake. Aliye bora anakataa mradi mzuri na aliye dhaifu anakubali mradi mbaya, kwa sababu kila mmoja anaupima mradi kwa wastani wake wa jana badala ya kuupima kwa bei ya mtaji.

Ndipo inapokuja faida baki, kipimo ambacho General Electric ilikitumia katika miaka ya 1950 ilipokuwa ikiwapa mameneja wa vitengo mamlaka zaidi. Chukua faida ya kitengo, toa gharama ya mtaji wote kilioutumia, kinachobaki ndicho alama ya meneja, na kinasomwa kwa shilingi. Kitengo cha mafuta kinatozwa asilimia 15 ya bilioni 4, ambayo ni milioni 600, kwa hiyo faida baki ni milioni 400. Ghala la Mbeya likiongezwa, faida ya milioni 1,180 inatozwa milioni 750 na kubaki 430. Meneja anapata milioni 30 zaidi, na kampuni inapata zile zile. Kwa unga, faida baki ilikuwa pungufu ya milioni 100. Mradi mpya ungeifanya iwe pungufu ya milioni 115. Sasa meneja ana sababu ya kuukataa.

Hata hivyo, shilingi hazifai kulinganisha watu. Kitengo chenye mtaji wa bilioni 40 na faida ya asilimia 16 nacho kina faida baki ya milioni 400, sawa na mafuta, ingawa kimetumia mtaji mara 10. Dawa ni kumpa kila meneja lengo lake, kisha kumpima kwa nyongeza aliyoileta juu ya mwaka uliopita, si kumpanga na jirani yake.

Kuna kasoro nyingine ambayo vipimo vyote viwili vinayo, nayo inatoka kwenye mizania. Mtaji wa kitengo kwa kawaida husomwa kwa thamani ya vitabuni, baada ya kutoa uchakavu. Fikiria mashine ya kukamulia ya bilioni 1, itakayodumu miaka 5 na kuingiza fedha taslimu milioni 320 kila mwaka. Uchakavu ni milioni 200 kwa mwaka, faida ni milioni 120. Mwaka wa kwanza faida hiyo inapimwa dhidi ya bilioni 1 na kutoa asilimia 12. Mwaka wa tano inapimwa dhidi ya milioni 200 zilizobaki vitabuni na kutoa asilimia 60. Mashine ni ile ile na alizeti ni ile ile.

Faida baki nayo huanza na pungufu ya milioni 30, mwaka wa pili ni sifuri, kisha hupanda hadi milioni 90. Ukichukua miaka yote 5 kwa asilimia 15, mashine inalipa vizuri. Lakini meneja anayetarajia uhamisho mwakani ataona tu ile pungufu ya mwanzo, ataendelea na mashine kuukuu, na vitabu vitamsifu.

Mjumbe wa bodi anaweza kulitambua jambo hili bila kuwa mhasibu. Akiona kiwango cha faida cha kitengo kinapanda mwaka hadi mwaka huku faida kwa shilingi ikibaki pale pale, aulize mashine zina umri gani na mara ya mwisho meneja aliomba mtaji lini. Aombe pia orodha ya miradi iliyokataliwa kitengoni, na kila mmoja ulitarajiwa kuleta asilimia ngapi. Yoyote uliokuwa juu ya gharama ya mtaji ni fedha ambazo kipimo cha bonasi kimeifanya kampuni izikose, na hapo kinachopaswa kubadilishwa kwanza ni kipimo, si meneja.