Tarakimu Kumi au Kumi na Tatu?

Fungua folda ya picha ulizohifadhi kutoka Facebook kwenye simu ya Android, utakuta majina kama FB_IMG_1712345678901.jpg. Mlolongo huo wa tarakimu ni tarehe na saa. Kwa utaratibu wa Unix, kompyuta huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Griniwichi, yaani saa tisa usiku kwetu Afrika Mashariki. Ila mifumo mingine huhesabu sekunde, na mingine, hasa ile ya Java na JavaScript, huhesabu milisekunde, ambazo 1,000 ndizo hufanya sekunde moja. Namba yenyewe haikuambii ni ipi.

Anza kwa kuhesabu tarakimu. Sekunde zilitimia bilioni moja tarehe 9 Septemba 2001. Tangu hapo hadi Novemba 2286, tarehe yoyote ina tarakimu 10 ikiandikwa kwa sekunde, na 13 kwa milisekunde. Picha yetu ina 13, basi ni milisekunde. Kata tatu za mwisho, zinabaki sekunde 1712345678. Mwaka una sekunde kama milioni 31.5, kwa hiyo hiyo ni miaka 54 na miezi kadhaa baada ya 1970: tuko 2024. Kompyuta ya Linux itakupa jibu kamili:

```
date -d @1712345678
```

Kwa saa zetu ni Ijumaa, 5 Aprili 2024, saa nne na dakika 34 usiku.

Ukikosea kipimo, tarehe yenyewe hukushtaki. Milisekunde zikisomwa kama sekunde, picha hii inaruka hadi mwaka wa 56,000 na ushei. Sekunde zikisomwa kama milisekunde, inarudi 20 Januari 1970. Ndiyo maana ripoti ya mauzo ya juzi ikionyesha tarehe 20 au 21 Januari 1970, mimi sitafuti kosa jingine kabla ya hilo.

Penye hatari ya kweli ni tarehe za kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa 20 Januari 1970 anaweza kuandikwa 1712345678 kwa milisekunde: tarakimu 10, sawa kabisa na sekunde za Aprili 2024. Mzee wa miaka hamsini na kitu anageuka kichanga, na tarehe inaonekana halali. Utata huo unawakumba waliozaliwa kati ya 12 Januari na 26 Aprili 1970. Hapo tazama safu nzima: wenzake wa 1985 wakiwa na tarakimu 12, safu ni ya milisekunde, wakiwa na 9, ni sekunde.

Nawe unayetengeneza jedwali, andika kipimo kwenye jina la safu: `muda_sekunde` au `muda_milisekunde`.