Joho la Damu ya Mzee: Rangi na Mwanga Vinavyomwongoza Mchezaji wa Journey

Gemu ya Journey ilitoka Machi 2012 kwa ajili ya PlayStation 3. Safari yake huchukua kama saa mbili, na ndani ya muda huo hakuna mhusika anayetamka neno lolote wala maandishi yanayomwambia mchezaji aende wapi. Mchezaji ni msafiri aliyevaa joho la rangi ya damu ya mzee, yuko peke yake jangwani. Mbele yake, mbali sana, unaonekana mlima wenye kilele kilichopasuka, na katikati ya mpasuko huo kunatoka mwanga. Hakuna ramani. Hata hivyo watu huelekea huko, hujua pa kukimbilia na pa kujificha, na wengi humaliza gemu wakiwa na machozi.

Waliotengeneza gemu hii ni kampuni ya Kimarekani ya thatgamecompany, mwongozaji akiwa Jenova Chen na msanii mkuu Matt Nava. Kazi ambayo gemu nyingine huzifanya kwa mishale na maelezo, wao waliikabidhi rangi na mwanga, pamoja na muziki wa Austin Wintory. Nataka tuangalie walivyofanya, kwa sababu watu wengi hudhani jambo hili ni jepesi: nyekundu ni hatari, kijani ni usalama, basi.

Sivyo. Katika Mirror's Edge ya mwaka 2008, jiji karibu lote ni jeupe, na bomba au mlango ukiwa mwekundu maana yake ni "pita hapa". Katika Journey nyekundu ni rangi ya vitambaa, na vitambaa ndivyo vinavyompa msafiri uwezo wa kuruka. Hakuna aliyezaliwa akijua hivyo. Mchezaji hufundishwa mapema: kwenye mchanga mtupu anaona vipande vya kitambaa vikipeperuka, anavisogelea kwa sababu hakuna kingine cha kutazama, anavigusa, na skafu yake inang'aa. Akibonyeza kitufe anapaa. Kuanzia hapo kila doa jekundu analoliona kwa mbali humvuta bila kuambiwa.

Somo hilo linaeleweka kwa sababu wasanii walijinyima. Mchanga, magofu na ukungu wa mbali vimepewa rangi zilizo jamaa, hivyo jicho halipati mahali pa kukwama isipokuwa kwenye joho na vitambaa. Kama wangepamba jangwa kwa maua mekundu au miamba myekundu, mandhari ingependeza zaidi kwenye picha, lakini mchezaji angekimbilia kila ua na kukuta halina kitu. Baada ya mara chache angeacha kuiamini rangi ile.

Sehemu iliyo na ufundi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko katikati ya safari. Msafiri anateleza kwenye mteremko wa mchanga ndani ya mji uliofukiwa, jua likiwa chini na kila kitu kikiwa cha dhahabu. Mwendo ni wa kasi, nafasi ni pana, mlima unaonekana kati ya nguzo. Halafu anatumbukia chini ya ardhi. Ghafla dhahabu yote imeondoka na kumebaki buluu nzito, ukungu unaofunika umbali, na miale michache inayopenya kutoka juu, kana kwamba tuko chini ya bahari.

Hapo bado hakuna adui aliyejitokeza, na mchezaji tayari ana wasiwasi. Buluu yenyewe si ya kutisha. Baadaye gemu hii hii itaitumia kwenye anga ya kilele, nayo italeta furaha. Kinachotisha ni tofauti na dakika iliyopita, pamoja na kutoona mbali. Kisha linazinduka dude kubwa la mawe linaloruka, lenye taa inayomulika huku na huku likitafuta. Hadi wakati huo mwanga umekuwa mwaliko: kilele kinang'aa, vitambaa vinang'aa, pa kwenda ndipo penye nuru. Sasa mwanga ni jicho la adui, na giza ndilo lenye usalama. Msafiri akikamatwa hafi, ila skafu yake inakatwa, ikabaki fupi. Mchezaji hahitaji kuelezwa kanuni mpya, kwani mwale ule una mipaka inayoonekana wazi, unasogea, na unatoka kwenye kitu chenye uhai.

Wasanii wa namna hii huanza kazi kwa kuchora vipicha vidogo vya kila sehemu na kuvipanga mstari mmoja, desturi iliyotoka kwenye filamu za katuni. Ukiitazama Journey kwa jinsi hiyo utaona jangwa lenye joto, dhahabu, buluu ya chini ya ardhi, theluji ambako rangi karibu zote zimenyonywa, na mwisho anga angavu juu ya mawingu. Mpango huo una sababu ya kimwili. Macho huzoea rangi yoyote inayotawala skrini kwa muda. Buluu iliyokushtua mwanzoni, baada ya dakika kadhaa huihisi kama kawaida. Ishara ikikaa mno hufa. Ndiyo maana theluji ile iliyopauka inahitajika kabla ya kilele: bila njaa ile ya rangi, anga ya mwisho isingekuwa na nguvu.

Lipo tatizo ambalo rangi peke yake haiwezi kulitatua. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa hiyo msanii makini huigeuza picha yake kuwa ya rangi ya kijivu tupu na kuuliza kama bado inasomeka. Jaribu hivyo na Journey: joho ni jeusi juu ya mchanga mweupe, na ni jeusi zaidi juu ya theluji. Chini ya ardhi, ambako joho la giza lingemezwa na giza, skafu yenye alama zinazong'aa humwonyesha msafiri alipo. Ujumbe umewekwa kwenye tofauti ya weupe na weusi kwanza, kisha rangi ikaongezwa juu yake.

Makosa hugunduliwa kwa kukaa nyuma ya mtu asiyeijua gemu na kunyamaza. Akisimama mahali akizungusha kamera, hakuna kinachomvuta. Akienda moja kwa moja kwenye kona isiyo na njia, tafuta taa nzuri iliyowekwa pale kama pambo. Kampuni ya Valve, katika Left 4 Dead ya 2008, iliweka taa kwenye njia za kutokea usiku, zikiwemo za magari yaliyoachwa yakiwaka, na kwa sababu hiyo taa yoyote ya ovyo ingewapoteza wachezaji walio mbioni.

Na kuna kikomo ambacho msanii hawezi kukivuka: skrini ya mchezaji. Journey ilifika kwenye simu za iPhone mwaka 2019, na ukiicheza juani, sehemu ile ya chini ya ardhi hugeuka kioo kinachokuonyesha uso wako. Tofauti ndogo za buluu na nyeusi hupotea, na mwale wa dude huonekana umechelewa. Ndiyo maana gemu nyingi zenye giza huanza kwa kukuonyesha alama hafifu na kukutaka upunguze mwangaza hadi ionekane kwa shida. Hatua hiyo usiiruke, na uifanye katika chumba kilekile utakachochezea, pazia likiwa kama litakavyokuwa.