Kompyuta ya wateja dukani: inapojifungulia yenyewe, imeingia kama nani?

Tuchukue duka la vigae. Mwenye duka ameweka kompyuta ndogo na skrini kando ya mlango ili mteja aone picha, vipimo na bei bila kumsubiri mhudumu. Anataka jambo moja: umeme ukikatika na kurudi, mashine iwake, ipite hatua ya nenosiri na kufungua katalogi yenyewe, hata kama aliyepo dukani ni kijana aliyeanza kazi juzi.

Nusu ya haja hiyo haihusu akaunti kabisa. Kwenye mipangilio ya BIOS ya kompyuta nyingi za mezani kuna kipengele cha kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, mara nyingi kikiitwa "Restore on AC Power Loss" au jina linalokaribia hilo. Kikiwekwa "Power On", mashine itawaka bila mtu kubonyeza kitufe. Kazi hiyo haina gharama yoyote, nayo ni sawa kwa kila njia nitakayoitaja hapa.

Nusu ya pili ndiyo yenye tofauti za bei. Mafundi wengi humaliza haraka: wanaiambia Windows iingie yenyewe kwa akaunti ileile aliyoifungua mwenye duka siku aliponunua mashine. Haitozwi hata shilingi. Lakini akaunti ya kwanza kwenye Windows huwa ya msimamizi, na mara nyingi imeunganishwa na barua pepe ya mwenyewe. Mteja akifanikiwa kutoka kwenye katalogi, anaweza kukutana na barua za duka, mafaili ya OneDrive, manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na uwezo wa kusakinisha programu. Kuingia bila nenosiri si tatizo lenyewe. Tatizo ni akaunti iliyopewa ruhusa hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo fundi wa haraka haisemi. Watu wengi huwezesha jambo hili kwa kuandika `AutoAdminLogon` na `DefaultPassword` kwenye rejista ya Windows, sehemu ya Winlogon. Nenosiri linalowekwa pale hukaa wazi, herufi kwa herufi, na akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka yoyote inaweza kulisoma. Kama ndilo nenosiri la barua pepe pia, limeshatoka nje. Programu ya Autologon ya Microsoft, inayotolewa bure katika mkusanyiko wa Sysinternals, hulificha nenosiri kwa usimbaji, ingawa mwenye akaunti ya msimamizi bado anaweza kulitoa. Kwa hiyo tumia akaunti ya ndani ya mashine, ya kawaida, yenye nenosiri lisilotumika mahali pengine popote.

Hapo tayari tumepata njia ya kwanza ya kufikiriwa: Windows 11 Home uliyonunua pamoja na mashine, akaunti ya kawaida iitwayo, tuseme, "onyesho", programu ya Autologon, na kivinjari cha Edge kikifunguka kwa skrini nzima. Gharama ya ziada ni sifuri. Udhaifu wake ni kwamba Edge imekaa tu juu ya Windows kamili. Bonyeza Alt na F4, kivinjari kinafungwa na eneo-kazi lote liko mbele yako. Bonyeza Shift mara tano, Windows inauliza kuhusu Sticky Keys, na kisanduku hicho kina kiungo cha kukupeleka kwenye mipangilio. Naikubali njia hii kwa muda tu, mahali ambapo hakuna kibodi na mhudumu anaiona skrini saa zote.

Njia ya pili ni Windows 11 Pro. Kupandisha Home iwe Pro kupitia duka la Microsoft kumekuwa dola 99 kwa bei ya Marekani, yaani kama laki mbili na nusu za Tanzania, na hulipwa mara moja kwa mashine. Unachonunua hasa ni kipengele kimoja kisichokuwepo kwenye Home. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua Settings, kisha Accounts, kisha Other users, halafu chagua "Set up a kiosk". Windows inatengeneza akaunti maalumu isiyo ya msimamizi, inaipangia kuingia yenyewe mashine inapowaka, na kuifungia ndani ya programu moja. Huhitaji kugusa rejista. Ukichagua Edge, utaulizwa kama ni skrini ya maonyesho, inayojaza skrini nzima bila sehemu ya kuandika anwani, au kivinjari cha wageni chenye vitufe vichache. Kwa duka la vigae ni ile ya kwanza. Utaulizwa pia baada ya dakika ngapi za kutoguswa ukurasa urudi mwanzo, ili mteja anayefuata asikute alikoishia mwenzake.

Kutoka ni kwa Ctrl, Alt na Delete: mashine inarudi kwenye ukurasa wa kuingilia, na anayejua nenosiri la msimamizi anaendelea na kazi yake. Mteja naye anaweza kubonyeza vitufe hivyo na kuiacha skrini pale, lakini hapati kitu.

Kikomo chake ni viungo. Kukosa sehemu ya anwani hakumzuii mteja kubofya kiungo cha Facebook kilicho chini ya katalogi yako, na kutoka hapo kwenda popote. Ondoa viungo vya nje kwenye kurasa zenyewe, au mwambie fundi aweke sera za Edge za `URLBlocklist` na `URLAllowlist`: ya kwanza inafunga kila anwani, ya pili inaruhusu yako tu.

Njia ya tatu ni Debian, mfumo wa Linux usiolipiwa. Ninaitetea kwa sababu ya kompyuta za mtumba. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kipande cha TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane. Kompyuta nyingi za ofisi zilizouzwa kama mtumba hazifiki hapo. Kuinunulia mashine kama hiyo leseni ya Pro ni kutupa fedha. Debian itaiendesha bila taabu, na itadhibitiwa kwa ukali kuliko Windows Pro.

Siri yake ni kwamba akaunti ya wateja haipewi eneo-kazi kabisa. Fundi anatengeneza akaunti "onyesho" isiyo kwenye kundi la `sudo`, kisha kwenye faili `/etc/lightdm/lightdm.conf` anaandika:

```
[Seat:*]
autologin-user=onyesho
autologin-user-timeout=0
autologin-session=onyesho
```

Mstari wa mwisho unaita kikao kinachoelezwa kwenye `/usr/share/xsessions/onyesho.desktop`, na kikao hicho kinaendesha hati hii tu:

```
#!/bin/sh
xset s off -dpms
while true; do
  chromium --kiosk --incognito --noerrdialogs \
    --window-size=1920,1080 --window-position=0,0 \
    http://localhost/
  sleep 2
done
```

Kivinjari kikifungwa au kikianguka, baada ya sekunde mbili kinafunguka upya. Nyuma yake hakuna menyu wala eneo-kazi la kuangukia. Hati iwekwe kwenye `/usr/local/bin` na imilikiwe na `root`, ili akaunti yenyewe isiweze kuibadili. Anwani ya `localhost` ina maana kwamba katalogi imehifadhiwa ndani ya mashine na kutolewa na seva ndogo ya wavuti iliyomo humo humo. Bando likiisha, bei bado zinaonekana.

Kilichobaki ni milango ya kivinjari. Watu hukumbuka kuzuia tovuti na kusahau kisanduku cha kuchapisha na kisanduku cha kuchagua faili, ambavyo kwa miaka mingi ndivyo wajanja hutumia kuchungulia diski. Sera za Chromium hukaa kwenye folda ya `/etc/chromium/policies/managed/`:

```
{
  "URLBlocklist": ["*"],
  "URLAllowlist": ["http://localhost"],
  "DeveloperToolsAvailability": 2,
  "PrintingEnabled": false,
  "AllowFileSelectionDialogs": false
}
```

Leseni ni bure, lakini fundi si bure. Muulize kabla ya kumlipa nani atakuja siku skrini ikibaki nyeusi, na mdai akuandikie kwenye karatasi majina ya mafaili aliyoyagusa. Duka lisilo na mtu wa karibu anayeijua Linux, na lenye mashine mpya, litaokoa fedha kwa kulipia Pro, kwa sababu safari chache za fundi wa mbali zinaweza kuzidi zile dola 99.

Njia ya nne naipitia kwa haraka: ChromeOS yenye leseni ya Google ya vibanda na maonyesho, dola 25 kwa kila mashine kwa mwaka. Miaka mitatu ni dola 75, wa nne unafika 100 na kuipita Pro, na malipo hayaishi. Faida yake ni kusimamia skrini zote kutoka mahali pamoja. Mwenye matawi sita aifikirie. Mwenye skrini moja mlangoni aiache.

Vyovyote utakavyochagua, usipokee kazi kabla ya kuijaribu mbele ya fundi ukiwa na kibodi mkononi, hata kama wateja watapewa panya peke yake, kwa maana yeyote anaweza kuja na kibodi yake. Jaribu Alt na F4, Ctrl na P, Ctrl na O, F12, kitufe cha Windows, na Shift mara tano. Chomeka flashi uone kama folda inafunguka. Kwenye Linux ongeza Ctrl, Alt na F2: ikitokea skrini nyeusi inayoomba jina na nenosiri, hakuna kilichoibiwa, lakini mteja ameizima katalogi yako, na fundi anaweza kulifunga hilo kwa chaguo la `DontVTSwitch` kwenye mipangilio ya Xorg. Mwisho zima mashine na uiwashe ukiwa na flashi ya kusakinishia mfumo. Ikianza kusoma flashi hiyo, vizuizi vyote vya akaunti havina maana, kwa kuwa mtu anaweza kuwasha mfumo wake mwenyewe na kusoma diski yako. BIOS iwekewe nenosiri, na iambiwe iwake kutoka kwenye diski ya ndani tu.

Jambo moja halizuiliwi na akaunti yoyote kati ya hizi, nalo ni mtandao wa duka. Mashine ya wateja ikiwa imeunganishwa kwa waya kwenye mtandao uleule wa kompyuta ya mauzo, mtu anaweza kuchomoa waya wake na kuuchomeka kwenye laptopu yake, akawa ndani ya mtandao wenu. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni uliotengwa na ule mkuu. Iweke mashine huko bila waya, au, kama katalogi iko kwenye `localhost`, iache bila mtandao kabisa na uiunganishe tu siku ya kubadilisha bei na kuweka masasisho.